Kwa nini bomba lililozibwa upande mmoja hukosa hamoniki shufwa

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tano hapa Iringa. Tumefundishwa kwamba uzi wa gita una hamoniki zote, bomba lililo wazi pande zote mbili lina hamoniki zote, lakini bomba lililozibwa upande mmoja lina zile za witiri tu. Kinachonisumbua ni kwamba uzi umefungwa ncha zote mbili na bomba wazi limeachwa wazi ncha zote mbili, yaani viko kinyume kabisa, halafu vinatoa kitu kilekile. Lile lililozibwa upande mmoja naliona liko katikati yao, na ndilo linakosa nusu. Fomula nimezikariri na maswali nayafanya, ila sielewi hizo shufwa zinaenda wapi.*

Marahaba. Kinachoamua ni kama ncha mbili za chombo zinafanana au zinatofautiana. Uzi una ncha mbili zinazofanana, bomba wazi lina ncha mbili zinazofanana, na hata bomba lililozibwa pande zote mbili, ambalo vitabu vingi havilitaji kwa sababu halipulizwi, lina ncha zinazofanana. Vyote vitatu vina hamoniki zote. Bomba lililozibwa upande mmoja haliko katikati yao. Liko peke yake, kwa sababu ncha yake moja hulitendea wimbi jambo moja na ncha ya pili hulitendea jambo lililo kinyume.

Ili uone kwa nini tofauti hiyo inafuta shufwa zote, nakuomba uiweke kando kwa muda ile michoro ya mafundo na matumbo ambayo umeizoea, kwa sababu inaonyesha matokeo lakini haionyeshi chanzo. Badala yake, fuata msukumo mmoja tu wa hewa unaposafiri ndani ya bomba. Chukua bomba la urefu wa sentimita 34, na tuseme hewa ina nyuzi joto 15 za Selsiasi, hali ya kawaida kabisa ya asubuhi katika nyanda zetu za juu. Mwendo wa sauti katika hewa hiyo ni mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo msukumo hulipita bomba zima, kutoka ncha hadi ncha, kwa elfu moja ya sekunde, yaani milisekunde 1. Namba hizo nimezichagua makusudi ili hesabu zisitusumbue njiani.

Tuanze na ncha iliyozibwa. Msukumo wa mgandamizo, yaani kipande cha hewa ambacho kanieneo yake imezidi kidogo ile ya kawaida, unafika ukutani. Hewa iliyo mbele haina pa kwenda, inabanwa dhidi ya ukuta, kanieneo inapanda, kisha hewa hiyo iliyobanwa inasukuma kurudi ilikotoka. Kinachorudi ni mgandamizo vilevile. Kwa upande wa kanieneo, ukuta haubadilishi chochote: mgandamizo huenda, mgandamizo hurudi.

Ncha iliyo wazi ndiyo inayowatatiza wanafunzi wengi, kwa sababu mtu hujiuliza kwa nini wimbi lirudi ilhali halijakutana na kizuizi chochote. Jibu liko kwenye kuta za pembeni. Muda wote msukumo ulipokuwa ndani, kuta hizo ziliuzuia usitanuke, na hewa iliyokuwa mbele yake ilikuwa ukanda mwembamba. Unapofika mdomoni kuta zinakoma ghafla na hewa iliyobanwa inafumuka pande zote. Kwa kuwa hewa ina uzito na tayari ilikuwa kwenye mwendo, haiishii pale kanieneo inapokuwa sawa na ya nje. Inaendelea kutoka kupita kiasi, na nyuma yake, ndani ya mdomo wa bomba, unabaki upungufu. Upungufu huo huvuta hewa iliyo jirani yake ndani ya bomba, ambayo nayo huvuta jirani yake, na hivyo mpanuko unasafiri kurudi ndani. Mgandamizo ulifika, mpanuko ukarudi. Ncha iliyo wazi humgeuza msafiri kinyume. Sehemu ndogo ya nguvu hutoroka nje, na hiyo ndiyo sauti tunayoisikia, lakini sehemu kubwa hurudi.

Sasa hesabu mageuzo katika safari moja ya kwenda na kurudi, ambayo kwa bomba letu huchukua milisekunde 2. Katika bomba lililo wazi pande zote, mgandamizo unaoanzia ncha ya kushoto hugeuka kuwa mpanuko ncha ya kulia, kisha hugeuka tena kuwa mgandamizo unaporudi kushoto. Mageuzo mawili yamefutana. Baada ya milisekunde 2 hali ya hewa ndani ya bomba ni ileile ya mwanzo na mzunguko unaanza upya. Kitu kinachojirudia kila baada ya milisekunde 2 kina frikwensi ya 500 Hz, na hiyo ndiyo `f = v/2L` uliyoikariri.

Uzi hufanya hivyohivyo, ila kwake tunafuatilia kuinama na kuinuka badala ya kanieneo. Nundu iliyoinuka juu inapofika kwenye kikalio, ambapo uzi umeshikwa, kikalio hakikubali kuinuka. Kinauvuta uzi chini, na nundu inarudi ikiwa imeinama upande wa chini. Ncha ya pili hufanya jambo hilohilo. Mageuzo ni mawili, nayo yanafutana. Hii ndiyo sababu uzi wa gita, uzi wa ligombo la Wahehe na bomba lililo wazi pande zote vinatoa orodha moja ya hamoniki ingawa havionekani kufanana. Ukiuangalia uzi kwa kuinama kwake na bomba wazi kwa kanieneo yake, utaona ni tatizo lilelile la hesabu: kiasi unachofuatilia hulazimika kuwa sifuri katika ncha zote mbili. Ule ukinyume unaokusumbua unatokana na kulinganisha kuhama kwa uzi na kuhama kwa hewa. Linganisha kuhama kwa uzi na kanieneo ya hewa, nao utatoweka.

Katika bomba lililozibwa upande mmoja, geuzo ni moja tu. Mgandamizo unatoka kwenye ncha iliyozibwa, unafika mdomoni, unageuka kuwa mpanuko, unarudi kwenye ukuta, na ukuta haubadilishi kitu. Baada ya milisekunde 2 bomba limo katika hali iliyo kinyume kabisa na ile ya mwanzo: palipokuwa na mgandamizo pana mpanuko wa kiasi kilekile. Inahitajika safari nyingine nzima ili geuzo la pili litokee na hali ya mwanzo irejee. Kwa hiyo mzunguko kamili huchukua milisekunde 4, na frikwensi ya msingi ni 250 Hz. Ndiyo `f = v/4L`, nusu ya ile ya bomba wazi lenye urefu uleule.

Hapo ndipo swali lako linapojibiwa, na naomba usome sehemu hii polepole. Bomba hili linaweka sharti moja kwa kila sauti inayotaka kudumu ndani yake: baada ya milisekunde 2, uwe kinyume cha ulivyokuwa. Ijaribu hamoniki ya pili, 500 Hz. Mzunguko wake mmoja huchukua milisekunde 2 kamili, kwa hiyo baada ya muda huo imerudi kuwa ileile iliyokuwa. Bomba linaidai iwe kinyume, yenyewe iko sawa na mwanzo. Kiasi pekee kinachoweza kuwa sawa na kinyume chake chenyewe ni sifuri. Hamoniki ya pili basi haina budi kuwa sifuri. Ijaribu ya tatu, 750 Hz: ndani ya milisekunde 2 inafanya mizunguko 1.5, na ile nusu ya ziada inaiacha ikiwa kinyume. Inatimiza sharti. Ya nne, 1000 Hz, inafanya mizunguko 2 kamili na inakataliwa. Ya tano, 1250 Hz, inafanya mizunguko 2.5 na inakubaliwa. Kila hamoniki shufwa hukamilisha idadi kamili ya mizunguko ndani ya safari moja ya kwenda na kurudi, na kila hamoniki ya witiri hubakiza nusu. Shufwa haziendi popote. Kila zikijaribu kuanza, mwangwi wao wenyewe unarudi ukiwa kinyume na kuzifuta.

Ukirudi sasa kwenye michoro yako, utaona inasema jambo hilohilo kwa njia nyingine. Sauti ya 500 Hz ina urefu wa wimbi wa sentimita 68, kwa hiyo nusu yake inaenea barabara katika sentimita 34. Kama kuna fundo la kuhama kwenye ukuta, umbali wa nusu ya urefu wa wimbi unakuleta kwenye fundo jingine, na fundo hilo linaangukia mdomoni, mahali ambapo hewa ndiyo iko huru kuliko popote. Hapo pasipozuiwa na kitu ndipo wimbi linadai hewa isitikisike hata kidogo. Haiwezekani.

Kuna namna ya tatu ya kuliona ambayo mimi naipenda zaidi ya michoro. Chukua bomba wazi la sentimita 68, lililo na hamoniki zake zote: 250, 500, 750, 1000 na kuendelea. Katika zile za witiri, hewa iliyo katikati kabisa ya bomba haihami. Katika zile za shufwa, hewa ya katikati ndiyo inayohama kwa kiasi kikubwa kabisa. Sasa ingiza ukuta mwembamba katikati. Zile za witiri hazitaugundua, kwa sababu mahali hapo palikuwa pametulia tangu awali. Za shufwa zitakufa papo hapo. Na ulichobaki nacho ni mabomba mawili ya sentimita 34, kila moja limezibwa upande mmoja.

Tutoke kwenye karatasi. Tafuta kipande cha bomba la plastiki la maji lenye tundu la kipenyo cha sentimita 2, ukikate kwa msumeno kiwe na urefu wa sentimita 34, na usawazishe ncha zake. Kishike kwa mkono mmoja, kisha pigisha kiganja cha mkono wa pili kwenye ncha moja na ukiache kiganja hapohapo kimeziba. Utasikia mlio mfupi mzito. Rudia, lakini safari hii ondoa kiganja mara tu baada ya kupiga. Mlio utapanda karibu oktavu moja. Mara ya kwanza umesikia bomba lililozibwa, mara ya pili bomba wazi, na plastiki ni ileile.

Nimesema karibu oktavu, na neno hilo lina sababu yake. Kama una programu ya simu inayoonyesha spektra ya sauti, hutapata 250 na 500. Utapata kitu kilicho karibu na 246 na 483. Wimbi halirudi pale hasa plastiki inapoishia. Hewa iliyo nje kidogo ya mdomo nayo hutikisika pamoja na ile ya ndani, hivyo bomba hufanya kazi kana kwamba ni refu kidogo kuliko linavyoonekana kwenye rula. Nyongeza hiyo ni takriban 0.6 ya nusu kipenyo kwa kila ncha iliyo wazi. Nusu kipenyo cha tundu letu ni sentimita 1, kwa hiyo nyongeza ni sentimita 0.6. Bomba lililozibwa lina ncha wazi moja, na urefu wake wa kazi ni sentimita 34.6; gawanya 340 kwa mara nne ya urefu huo katika mita, utapata 246 Hz. Bomba wazi lina ncha mbili, urefu wake wa kazi ni sentimita 35.2, na frikwensi yake ni 483 Hz. Uwiano wa hizo mbili ni 1.97, si 2, na mwenye sikio la kwaya atasikia kwamba oktavu imepungua kidogo. Tundu likiwa pana zaidi upungufu huongezeka. Mwanafunzi anayeacha nyongeza hii katika maabara hupata mwendo wa sauti ulio mdogo kuliko halisi, kisha huilaumu rula.

Sasa angalia vilele vingine kwenye spektra. Mlio wa kiganja kilichoachwa unapaswa kuonyesha vilele karibu na 246, 737 na 1228. Ule wa kiganja kilichoondolewa, karibu na 483, 966 na 1449. Nafasi kati ya kilele na kilele ni takriban ileile katika hali zote mbili, 490 hivi. Tofauti ni mahali pa kuanzia: bomba wazi linaanzia kwenye hatua nzima, lililozibwa linaanzia kwenye nusu ya hatua.

Ukitaka kulipuliza badala ya kulipiga, ziba ncha ya chini kwa kiganja na upulize hewa nyembamba kukatiza ukingo wa juu. Kipande cha mwanzi kilichokatwa kwa kuacha ukuta wake wa asili chini, mfano wa vile vinavyokingia ulanzi mkoani kwenu, kinafaa vizuri zaidi kwa sababu kimejiziba chenyewe. Kwanza utapata sauti ya msingi. Kaza midomo na uongeze kasi ya pumzi, na sauti itaruka ghafla juu. Katika bomba lililozibwa haitaruka oktavu moja. Itaruka oktavu moja na tano kamili juu yake, kwa sababu sauti inayofuata ni ya mara tatu ya msingi. Huo ndio mtihani bora kuliko wote, maana hauhitaji simu: chombo kinachoruka oktavu kina hamoniki ya pili, na kinachoruka hadi noti ya 12 hakina. Filimbi ya kizungu ya bendi na klarineti zina urefu unaokaribiana, lakini klarineti huenda chini kwa karibu oktavu nzima na huruka hadi noti ya 12, kwa kuwa ulimi wake unalifanya bomba litende kama limezibwa upande wa mdomo.

Mambo mawili huharibu jaribio hili. La kwanza ni kutumia chupa ya soda. Chupa ina shingo nyembamba na tumbo pana, na sauti yake ya msingi hutokana na hewa ya shingoni kupanda na kushuka juu ya hewa ya tumboni inayobanwa na kuachiwa kama springi. Haifuati `v/4L`, na sauti zake za juu haziangukii kwenye mara 3 wala mara 5. Mtu akiipima chupa akakosa witiri, asidhani nadharia imeanguka. Amepima chombo cha aina nyingine. La pili ni kwamba ukipuliza mwanzi mfululizo, simu inaweza kukuonyesha kilele kidogo kwenye mara 2 ya msingi. Pumzi inayokatiza ukingo haitikisiki kwa ulaini, kwa hiyo yenyewe huzalisha kila hamoniki, shufwa zikiwemo. Bomba hupokea zote lakini hukuza witiri peke yake. Shufwa zinabaki dhaifu kama zilivyozalishwa. Kwa maneno mengine, bomba lililozibwa halizikatazi shufwa kuwepo hewani, linakataa kuziitikia. Mlio wa kiganja, ambao ni pigo moja lisiloendelea, hauna tatizo hilo, na ndiyo maana nimeanza nao.

Kabla ya kuliacha bomba, neno moja kuhusu majina, kwa sababu alama nyingi hupotea hapa. Sauti ya kwanza iliyo juu ya msingi katika bomba lililozibwa ni hamoniki ya tatu, wala si ya pili. Hamoniki huhesabiwa kwa kulinganisha frikwensi na ile ya msingi. Sauti za juu huhesabiwa kwa mpangilio wa kutokea kwake. Swali likitaja sauti ya juu ya pili ya bomba hili, linamaanisha hamoniki ya tano.

Sasa nirudi kwenye uzi, maana ulinganisho wako na uzi una jambo ambalo vitabu vya sekondari hulipita haraka. Uzi nao unaweza kukosa shufwa. Chukua uzi wa tano wa gita, ule uliopangwa kwenye 110 Hz, na uudonoe katikati kabisa, juu ya freti ya 12. Utasikia sauti laini, yenye uwazi fulani wa ndani, isiyofanana na sauti ya uzi huohuo ukidonolewa karibu na kikalio. Hamoniki zote za shufwa zina fundo katikati ya uzi, na kidole chako kimeuvuta uzi mahali ambapo hamoniki hizo haziwezi kushiriki. Hazikuanzishwa, kwa hiyo hazisikiki. Spektra yake itakuwa na 110, 330, 550, orodha ya witiri kama ya mwanzi.

Lakini sababu ni tofauti, na tofauti hiyo inapimika. Sogeza kidole hadi robo ya uzi, udonoe tena, na hamoniki ya pili itarudi kwa nguvu. Au donoa uzi kwa namna ya kawaida kisha uguse kwa upole katikati yake: utaua witiri zote na kubakiwa na shufwa peke yake, na sauti itaruka oktavu moja kamili. Uzi una nafasi ya hamoniki zote, na mchezaji ndiye anayechagua zipi ziamshwe. Katika bomba lililozibwa hakuna uchaguzi. Upulize kwa nguvu au kwa ulaini, upige kwa kiganja au kwa kandambili, hamoniki ya pili haina mahali pa kukaa, kwa kuwa ncha zenyewe zimeikataa. Ungeweza kuupa uzi tabia hiyohiyo kama ungefunga ncha moja na kuiacha ya pili ipande na kushuka kwa uhuru, kwa mfano kwa kuifunga kwenye pete nyepesi inayoteleza juu ya fimbo laini. Ncha huru haigeuzi nundu, geuzo linabaki moja, na witiri zinabaki peke yake.

Ipo pia tofauti ya mwendo ambayo usiiache ikuchanganye. Uzi huo wa 110 Hz una urefu wa takriban sentimita 65 kati ya kikalio na kikalio, kwa hiyo nundu husafiri juu yake kwa mita 143 kwa sekunde, chini ya nusu ya mwendo wa sauti hewani. Mwendo huo hutokana na mkazo wa uzi na uzito wake kwa kila mita, ndiyo sababu unaweza kuukaza ukapanda sauti. Hewa ya ndani ya bomba huwezi kuikaza. Unachoweza kubadili ni urefu tu, na matundu ya filimbi hufanya kazi hiyo hasa.

Kanuni hii ya witiri ina mpaka wake, nao ni umbo. Yote niliyosema yanahusu bomba ambalo upana wake ni uleule kutoka ncha hadi ncha. Saksafoni ina ulimi kama wa klarineti na imezibwa upande wa mdomo kama klarineti, lakini huruka oktavu moja na ina hamoniki zote, kwa sababu bomba lake ni koni. Ndani ya koni kanieneo hupungua kadiri wimbi linavyoenea kuelekea upande mpana, na kiasi kinachosafiri kwa utaratibu kama kile cha bomba la kawaida ni kanieneo ikizidishwa na umbali kutoka kwenye ncha kali. Katika ncha kali yenyewe umbali ni sifuri, kwa hiyo zao hilo nalo ni sifuri, na msafiri anageuka hapo kama anavyogeuka mdomoni. Mageuzo yamekuwa mawili, na shufwa zimerudi. Matarumbeta ya bendi za makanisa, ambayo mtu angeyatazama kama mabomba yaliyozibwa na midomo ya mpigaji, nayo hayafuati witiri. Mdomo wake mpana na umbo la kipulizio vimesogeza frikwensi zake hadi zikakaribia orodha ya 2, 3, 4, 5, isipokuwa ile ya chini kabisa ambayo haikai kwenye mstari.

Mwisho nikutahadharishe na kosa ambalo huzungumzwa sana kwetu kwa sababu tuko juu milimani. Wengi husema kwamba hewa ya Mbeya ni nyepesi, kwa kuwa mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwamba kwa sababu hiyo sauti husafiri polepole na mabomba hutoa sauti ya chini kuliko Dar es Salaam. Wazo la hewa nyepesi ni kweli, lakini hitimisho halifuati. Mwendo wa sauti hutegemea uwiano wa kanieneo na densiti ya hewa, na unapopanda mlima viwili hivyo hupungua pamoja, hivyo uwiano wake haubadiliki kwa sababu ya mwinuko. Unaobadilika ni kwa sababu ya joto, kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bomba letu lililozibwa, lenye urefu wa kazi wa sentimita 34.6, litatoa takriban 243 Hz kwenye nyuzi 10 na takriban 250 Hz kwenye nyuzi 25. Kwa hiyo andika joto la chumba kabla ya kupima. Na kama unapima bomba na gita siku moja, kumbuka kwamba joto huvisogeza pande tofauti: hewa ikipata joto sauti ya bomba hupanda, ilhali uzi wa chuma ukipata joto hurefuka, mkazo hupungua na sauti yake hushuka.